Jicho la Akiba

Fundi aliyeitwa Sindano alikuwa na desturi moja ya asubuhi ambayo hakuna mtu nyumbani aliyethubutu kuichezea. Kabla hajabandika hata maji ya chai, alimshika binti yake kidevu, akamsogeza mlangoni penye mwanga, akamwambia, "Niangalie." Mtoto akamwangalia. "Haya, fuata kidole." Mtoto akakifuata. Macho yote mawili yakienda pamoja bila moja kuchepuka, Sindano alishusha pumzi na siku ikaruhusiwa kuanza.

Mumewe, mpaka rangi za nyumba, alimcheka. "Unamkagua kama mbuzi wa mnadani," alisema.

"Cheka," Sindano alimjibu. "Wewe una macho mawili."

Na hapo ndipo penye mzizi wa maneno. Sindano alikuwa na moja. Yaani usoni yalikuwepo mawili, tena mazuri, ila la kulia lilipenda kutazama pua. Utotoni watu wa kwao walimwita Kengeza, wakaona basi, mtoto kapewa jina, ugonjwa umekwisha. Alipofika umri wa kuajiriwa akaomba kazi kiwanda cha nguo, na huko wakawapima macho wote. Akazibwa jicho la kushoto, akaona ukuta mweupe wenye vivuli. Mpimaji alimuuliza kwa nini hakuletwa mdogo. Miwani alipewa, akaivaa kwa utii, na lile jicho halikuongeza kitu. "Lilipaswa kufundishwa ungali mtoto," aliambiwa. Kazi ya kiwandani akaikosa, akanunua cherehani yake kuukuu, akajifunza kushona kwa jicho moja na ncha za vidole. Alipotaka kutunga uzi hakulenga tundu. Aliupeleka uzi mpaka uguse sindano, kisha akaupapasia njia. Wateja walidhani ni madaha ya ufundi, wakampa jina.

Kwa hiyo alipozaa aliapa. Mwanawe hatapatwa na lake. Angelinda macho ya mtoto yule kuliko mwizi anavyolinda siri. Mtoto mwenyewe alikuwa na mdomo usiofungwa, wakamwita Chiriku, na kila asubuhi, tangu alipoweza kusimama, alishikwa kidevu mlangoni. Macho yamenyooka. Yamenyooka leo, yamenyooka kesho. Sindano hakujua kwamba alikuwa akilinda mlango wa mbele huku wa nyuma uko wazi.

Siku yenyewe ilikuwa ya kazi nyingi kwenye kibanda chake cha kushonea. Sare za shule zilikuwa zimerundikana hadi juu ya kiti cha wateja, na mama mkwe wake, bibi yake Chiriku, alikuwa amekaa kwenye kigoda akikata nyuzi zilizozidi. Chiriku, umri miaka sita, alikuwa na mchezo mpya. Alikuwa ameokota kile kibomba cha plastiki kinachobaki uzi ukiisha, amekitia jichoni, anachungulia wapita njia kupitia tunduni na kuwatangaza.

"Anakuja mama mwenye kitenge cha njano. Ana kidole cha mguu kimefungwa plasta. Anakuja baba mwenye tumbo."

"Shika adabu," bibi alisema, akacheka.

Sindano naye alicheka, mguu ukiendelea kukanyaga cherehani. Kisha akasema, kwa kujisemea tu, kama mtu anavyomchangamsha mtoto, "Mbona jicho hilo moja tu ndilo linalofanya kazi? Mpe na mwenzake zamu."

Chiriku akahamishia kibomba jicho la kushoto. Akakaa kimya. Kimya cha mtoto yule kilikuwa si cha kawaida, na Sindano akainua uso.

"Anakuja nani?"

"Mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu tu. Hili halioni vizuri, mama. Hili ni la akiba."

Cherehani ikasimama. Sindano alimwuliza polepole, akijilazimisha asipaze sauti, halioni vizuri tangu lini. Chiriku akashangaa swali. Alidhani watu wote wako hivyo, jicho moja la kuangalia na jingine la akiba, endapo la kwanza litaumia. Aliyasema hayo kwa furaha, kama mtu anayeeleza jinsi mifuko ya sare inavyokaa, mmoja wa kalamu na mmoja wa karanga.

Sindano aliinuka kwenye cherehani. Alimwangalia mwanawe yale macho mawili yaliyonyooka kama rula, yale aliyoyakagua maisha yake yote, na kwa mara ya kwanza yakamtisha.

Kliniki ya macho ilikuwa na benchi refu la mbao na harufu ya dawa ya kusafishia sakafu. Chiriku alitiwa matone yaliyopanua mboni, akalalamika kwamba yanauma, akanyamaza alipogundua anaona mikono yake mwenyewe kwa ukungu. Daktari wa macho, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, alimulika kila jicho, akabadilisha vioo, akamulika tena. Kisha akamgeukia Sindano.

"Jicho lenyewe ni zima, mama. Halina kidonda wala mtoto wa jicho. Ila linahitaji miwani yenye nguvu kubwa, na mwenzake anahitaji ya nguvu ndogo sana. Kwa hiyo tangu azaliwe, jicho moja linapeleka picha safi kwenye ubongo, jingine linapeleka ukungu. Ubongo nao si mjinga. Umechukua picha safi, ile ya ukungu umeitupa. Sasa hilo jicho halijajifunza kuona. Wengi wanaliita jicho vivu."

"Lakini halikuchepuka," Sindano alisema. "Mimi langu lilichepuka. Lake nimeliangalia kila siku. Kila siku, daktari."

"Kengeza ni sababu moja. Hii ni nyingine, na kwa macho haionekani. Ungemwangalia mpaka mvi zikutoke usingeijua. Inajulikana kwa kuziba jicho moja na kupima."

Hakulisema kwa ukali, lakini Sindano alilipokea kama kofi. Miaka yote ile alishika kidevu, na hakuwahi hata siku moja kumziba mtoto jicho.

Aliuliza swali ambalo lilikuwa limemkaa kooni tangu kibandani. "Tumechelewa?"

Daktari akamtazama Chiriku. "Angekuja na miaka mitatu, minne, ningekwambia lala usingizi. Akija na miaka kumi na mbili ningekwambia tutajaribu, lakini usitegemee makubwa. Huyu ana sita. Ubongo wake bado ni laini. Ukipita miaka saba hivi unaanza kukaza. Haufungi siku moja kama duka, ila kila tunavyochelewa tunapata kidogo zaidi kwa jasho zaidi. Samaki mkunje angali mbichi, mama. Wenu bado anakunjika. Tusimwache juani."

Miwani ilikuja na kioo kinene upande wa kushoto, kiasi kwamba jicho lile lilionekana kubwa kuliko mwenzake. Avae tangu anaamka hadi analala, walivyoambiwa. Bibi hakupenda. Alisema miwani ni ya wazee na walimu, na kwamba jicho likizoea fimbo halitembei. Sindano, ambaye hakuwahi kumjibu mama mkwe wake tangu aolewe, alimwambia kwa sauti tulivu, "Mama, mimi nilingoja. Niangalie nilivyopata."

Miezi minne ya miwani ilileta kitu. Kwenye ubao wa herufi zilizogeuzwageuzwa, Chiriku alionyesha kwa kidole zilikoelekea, kwa usahihi, mistari miwili chini ya pale alipoanzia. Kisha pakakwama. Daktari akasema sasa ni zamu ya kuziba. Plasta pana ya jicho, ibandikwe kwenye ngozi juu ya jicho zuri, kwa muda wa saa mbili kila siku, miwani juu yake, na mtoto afanye kazi ya karibu ili lile vivu lisipate pa kukimbilia.

"Jicho zuri, siyo bovu," Sindano alirudia, ili asikosee.

"Jicho zuri. Ndilo linalomnyima mwenzake kazi."

Wiki ya kwanza ilikuwa vita. Chiriku, aliyekuwa akiimba tangu jogoo, alilia plasta ilipotolewa kwenye karatasi yake. Alilia ilipobandikwa, akalia zaidi ilipobanduliwa, maana iliondoka na vinyweleo vya nyusi. Ngozi ikawa nyekundu, ikatoka vipele. Aligonga meza, akamwaga maji. Na alisema neno moja ambalo Sindano alishindwa kulizoea.

"Mama, sioni."

Na kweli alikuwa haoni, au anaona ukungu tu. Mama yake ndiye aliyemfunga. Sindano alikuwa akiota mchana, mkono ukiwa kwenye gurudumu la cherehani, kwamba wamekosea, kwamba jicho zuri nalo litazoea giza, kwamba mwanawe atatoka hapo bila hata moja. Daktari alikuwa amemwambia kwamba jicho zuri litapimwa kila watakaporudi, kwamba saa mbili haziliui. Lakini woga hauna masikio.

Akafanya kile ambacho fundi hufanya. Alishona.

Alitengeneza kifuniko cha kitambaa cheusi kizito, tabaka mbili, chenye mfuko wa kuvishwa kwenye kioo cha miwani kama foronya. Mbele akatarizi ua jekundu lenye kitovu cha njano. Hakuna gundi, hakuna vipele, hakuna kulia. Alimvisha Chiriku, akamshika kidevu mlangoni, akatazama. Kimeziba kabisa, ukingo kwa ukingo. Alikitazama tena jioni, na kila siku iliyofuata, kwa jicho lake moja, kutoka mbele, na kila siku kilikuwa kimeziba kabisa.

Amani ikarudi nyumbani. Chiriku alijivunia ua lake, akaitwa malkia na wateja. Saa mbili zake hazikupunguzwa hata kidogo, Sindano alikuwa mkali kwa hilo kuliko mkaguzi wa shule. Mtoto alichambua mchele, akapanga vifungo kwa rangi, akatunga shanga haraka, bila kukosea. Mpaka rangi alimsifu mkewe mbele ya mafundi wenzake. Mteja mmoja mwenye mjukuu wa aina hiyo aliagiza viwili. Sindano alianza kulala vizuri. Watu husema mdharau mwiba mguu huota tende, lakini yeye hakuwa amedharau chochote. Alikuwa ameuheshimu mwiba kwa hariri.

Walirudi kliniki baada ya miezi mitatu. Chiriku alizibwa na kiganja cha daktari, akaelekeza kidole. Mstari uleule. Akajaribu wa chini yake, akabahatisha, akakosea. Daktari akapima mara ya pili. Mstari uleule wa siku ile ya kwanza ya plasta, haukusogea hata unywele.

"Mnaziba kila siku?"

"Kila siku," Sindano alisema. "Saa mbili kamili. Muulize mwenyewe."

"Nakuamini. Anazibwaje?"

Sindano akatoa kifuniko mkobani. Alikuwa na matumaini ya kusifiwa, na tayari yalikuwa yakimchacha mdomoni. Daktari akakigeuza, akagusa ua, akasema ni kazi nzuri sana. Kisha akakivisha kwenye kioo, akampa Chiriku kikombe cha shanga na uzi, akakaa pembeni akimtazama mtoto akitunga.

"Umeona anavyokaa?" aliuliza baada ya muda.

Sindano alitazama. Chiriku alikuwa amegeuza uso kidogo upande wa kulia, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Alikaa hivyo siku zote akifanya kazi. Walidhani ni maringo.

"Njoo usimame huku ubavuni, siyo mbele."

Sindano alikwenda ubavuni. Daktari akanyoosha kidole chake kidogo, akakipitisha kati ya pua ya mtoto na ukingo wa kitambaa. Kikaingia chote. Kutoka mbele kitambaa kilikuwa kimeziba. Lakini kioo cha miwani hakilali juu ya jicho, kinasimama mbali nalo, na upande wa pua palikuwa na uwazi mpana kama mlango wa banda la kuku. Miezi mitatu Chiriku alikuwa akichungulia hapo kwa jicho lake zuri, bila ujanja wowote, kwa sababu ndiko kulikokuwa na mwanga. Na Sindano, ambaye kwa jicho lake moja kitu cha mbele na kitu cha nyuma huonekana vimebandikana, hakuwahi kuuona.

"Mtoto hana kosa," daktari alisema. "Wote wanachungulia. Ndiyo maana tunabandika kwenye ngozi."

"Na miezi mitatu?"

"Imekwenda, mama. Sina dawa ya kuirudisha. Anakaribia saba. Tunaweza bado, ila tuanze leo, na tusikosee tena."

Sindano hakulia pale. Alilia nje, kwenye ukuta wa kliniki, akiwa amempa Chiriku mgongo, na alilia kwa hasira na hofu pamoja. Alijiona ndiye aliyempokonya mwanawe jicho, kwa upendo, kwa uzi mwekundu na wa njano. Angekuwa mzembe angejisamehe upesi zaidi.

Jioni ile plasta ilirudi, na kilio kikarudi nayo. Daktari alikuwa amewapa plasta ya aina laini na mafuta ya kupaka baada ya kubandua, na akawaambia wabadilishe mkao wake ili ngozi ipumzike. Vipele vilipungua. Kilio hakikupungua.

"Mama, sioni. Nitoe. Mama, sioni kabisa."

Mikono ya Sindano ilikuwa imeshafika kwenye uso wa mtoto. Ni bibi aliyeizuia. Yule yule wa fimbo na wazee na walimu. Aliweka mkono wake mkavu juu ya wa mkwewe, akasema, "Mchelea mwana kulia hulia yeye. Mimi mume wako nilimchelea shule, leo anasoma jina la rangi kwa kuangalia kifuniko cha kopo. Kaa chini."

"Anaogopa, mama."

"Na wewe unaogopa. Ogopeni wote wawili, mimi nitashika mtoto."

Wakawa wanaishi hivyo. Bibi alimshika, Sindano alibandika, mumewe alikuja mapema kutoka kazini akakaa sakafuni na binti yake wakitunga sindano kubwa za magunia, yeye akikosea makusudi ili mtoto amshinde. Mwanzoni Chiriku alipapasa. Alikosa tundu mara nyingi, akatupa sindano, akapiga miguu. Sindano aliketi kwenye cherehani akisikiliza kila kitu, na kila alipomwona mwanawe akipeleka uzi mpaka uguse chuma ndipo autafutie njia, aliacha kukanyaga. Aliujua ule mkono. Ulikuwa wake.

Hofu haikumwachia hata jikoni. Alimziba mumewe jicho moja kwa kitambaa akimuuliza anaonaje. Alimwamsha Chiriku usingizini, mara moja tu, kuhakikisha jicho zuri bado linamjua mama yake. Aliacha ile desturi ya asubuhi. Hakuamini tena kidevu wala mwanga wa mlangoni.

Siku ya kurudi kliniki alivaa gauni lake la kwenda matanga, kisha akagundua alichovaa, akabadilisha.

Chiriku alikwishatimiza miaka saba. Alipanda kiti mwenyewe, akazibwa jicho la kulia, akanyoosha kidole. Juu. Chini. Kushoto. Alivuka mstari wa zamani kama mtu anayevuka mfereji asiouona. Akavuka wa pili. Akavuka wa tatu, huku amekosea herufi moja. Wa nne akasimama, akakunja uso, akasema ni wadudu tu.

"Imebaki mistari miwili kuufikia ule wa jicho zuri," daktari alisema. "Tutaendelea. Huenda tukapata mmoja. Miwili, sikuahidi. Angeanza na miaka minne tungezungumza mengine."

Sindano aliitikia kwa kichwa. Alikuwa amejiandaa kwa maneno mabaya zaidi, na kwa hiyo haya yalimpata bila ngao. Mistari miwili. Alijaribu kuhesabu mwanawe ataikosa wapi, kwenye kazi gani, kwenye kiwanda kipi.

"Nataka kuona kitu kingine," daktari akasema. Alifungua kabati, akatoa kitabu kipana chenye karatasi nene na miwani nyeusi ya plastiki. Akamvisha Chiriku juu ya miwani yake mwenyewe. "Ngoja. Usiguse mpaka nikwambie. Macho yote mawili wazi."

Akafungua kitabu. Ndani kulikuwa na picha ya nzi mkubwa, ukurasa mzima, mwenye mabawa yenye mishipa na miguu ya nywele.

Chiriku alipiga ukelele. Aliruka nyuma hadi kiti kikagonga ukuta, akakunja mikono kifuani, akamtafuta mama yake. "Amesimama," alisema. "Mama, anataka kuruka. Mtoe."

"Mshike bawa," daktari alisema kwa upole. "Haumi."

Mtoto alipeleka vidole viwili polepole. Vikasimama hewani, juu ya karatasi, mbali nayo kabisa, vikabana kitu kisichokuwepo. Daktari akaangalia vidole vile hewani, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu wamjue.

"Anatumia yote mawili," alisema. "Yanafanya kazi pamoja. Kwa anayeona kwa jicho moja, nzi huyu hasimami."

Sindano aliomba ile miwani nyeusi. Daktari hakumkataza. Akaivaa, akainama juu ya kitabu, akatazama kwa muda mrefu, akasogea, akarudi nyuma, akainamisha kichwa. Ilikuwa picha ya nzi kwenye karatasi. Imelala bapa kama kitambaa kilichopigwa pasi.

"Umemwona, mama?" Chiriku aliuliza, amejificha nyuma ya gauni lake. "Umeona alivyosimama? Huogopi?"

"Naogopa," Sindano alisema, na akamshika mkono.